Baraza ya Nyumbani: Alama ya Ruhusa na Mtu Aliyeiweka



Mwezi huu twajibu barua ya mwalimu mmoja wa chuo, ambaye jina lake na mji wake tumeyahifadhi. Atueleza ya kuwa yeye na vijana wake wa darasa la juu walitengeneza video ya dakika 9 ya kuwafundisha watoto manasiki ya Hija. Makka hawakwenda, maana uwezo huo hawanao. Picha walizikusanya mitandaoni, wakazikata, wakazipanga, na mwalimu akasoma maelezo kwa sauti yake. Wazazi walifurahi mno. Lakini siku ya 12 tangu kuiweka video hiyo katika YouTube, ilifika taarifa ya kuwa imeondolewa kwa shitaka la mwenye haki, na kwamba chaneli ya chuo, yenye masomo ya miaka 4, imeandikiwa onyo. Maonyo ya namna hiyo yakifika 3 ndani ya siku 90, chaneli nzima yaweza kufungwa na masomo yote yakapotea pamoja nayo. Mwalimu amalizia barua yake kwa kuuliza: "Tulitafuta vipande vyenye ruhusa, wala hatukukusudia kumdhulumu mtu. Tumekosa wapi?"

Tulimwomba atuletee orodha ya vipande alivyotumia, na mahali alipokitoa kila kimoja. Akatuletea, Mungu amlipe, bila ya kuficha kitu. Vilikuwa 4: picha za mahema ya Mina, picha za uwanda wa Arafa, picha za tawafu, na kasida iliyosikika chini ya maneno ya mwalimu. Tumevipitia kimoja kimoja, na kila kimoja kimetupa somo lake. Twaona ni bora tuwaoneshe wasomaji wetu njia ile ile tuliyopita, maana ni wachache leo walio na simu mkononi ambao hawajapata kukata kipande cha video ya mwingine.

Kwanza tuseme neno juu ya asili ya jambo lenyewe. Wapo wanaodhani kuwa haki ya mtunzi ni desturi ya watu wa Ulaya, na kwamba katika Uislamu elimu haina mwenyewe. Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu, katika mkutano wake wa 5 uliofanyika Kuwait mwezi wa Desemba 1988, lilitoa azimio namba 43 juu ya haki zisizoshikika kwa mkono. Lilikubali ya kuwa utunzi na uvumbuzi ni haki za wenyewe, zina thamani ya mali katika zama zetu, zahifadhiwa na Sharia, wala si halali kuzivunja. Basi picha aliyoipiga mtu ni mali yake, na ruhusa aliyoitoa juu yake ni mkataba, na Waislamu tumeamrishwa kutimiza mikataba tangu mwanzo wa Suratul Maida.

Sasa tutazame kipande cha kwanza, cha mahema ya Mina. Mwalimu alikipata katika YouTube, akasema kuwa hakuona mahali popote palipokatazwa kukitumia. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Katika mambo haya kunyamaza si ruhusa. Kazi ya mtu huwa na ulinzi wa sheria tangu saa aliyoitengeneza, hata kama hakuandika neno moja la kukataza. Anayetaka kuitumia ndiye apaswaye kutafuta idhini.

Katika YouTube mwenye kuweka video hupewa leseni mbili tu za kuchagua. Moja ni ile ya kawaida ya YouTube, nayo ndiyo inayokaa yenyewe asipochagua kitu. Maana yake ni kwamba watu waruhusiwa kuitazama hapo ilipo, na kuwapelekea wenzao anwani yake, basi. Kuikata na kuipachika katika kazi nyingine hakumo. Ya pili ni ya Creative Commons, yenye kuruhusu kuchukua, kukata na kubadili, hata kwa biashara, maadamu mwenye kazi atatajwa. Ili kujua ni ipi, ifungue video yenyewe, kisha ufungue maelezo yaliyo chini yake mpaka mwisho kabisa. Ikiwa ni ya namna ya pili utakuta maneno haya: "Creative Commons Attribution license (reuse allowed)". Usipoyakuta, fahamu kuwa ni leseni ya kawaida, na kazi hiyo haikuruhusiwa kuchukuliwa.

Kipande cha Mina hakikuwa na maneno hayo. Vijana walitaja udhuru mbili. Walisema wametumia sekunde 8 tu, na tena waliandika chini ya video yao kuwa hawakukusudia kuvunja haki ya mtu. Udhuru huu wa sekunde wasikika sana, lakini hauna asili. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 na ya Tanzania ya mwaka 1999 zina milango ya kutumia sehemu ya kazi ya mwingine bila ya idhini, kama vile kwa kuihakiki au kutoa habari. Lakini milango hiyo hutazama kusudi la matumizi, wala haikutaja idadi ya sekunde iliyo halali kwa kila mtu. Na maneno ya kuomba radhi kabla ya kosa hayageuzi kitu. Mtu akichuma embe moja katika shamba la jirani, akaacha karatasi yenye kusema kuwa hakukusudia wizi, embe halikurudi mtini.

Kipande cha pili, cha Arafa, kilitoka Wikimedia Commons, nacho kilikuwa na ruhusa ya kweli. Pale kila picha na kila video ina ukurasa wake, na ndani yake mna sehemu ya leseni iliyoandikwa wazi. Kipande hiki kiliandikwa CC BY-SA 4.0. Herufi hizi ndizo zinazowachanganya watu, kwa hiyo tutazieleza taratibu.

BY maana yake umtaje mwenye kazi. SA maana yake, ukiibadili kazi hiyo au ukaichanganya na yako, basi hicho ulichokitengeneza nacho ukitoe kwa leseni hiyo hiyo, ili na wengine waruhusiwe kama ulivyoruhusiwa wewe. NC maana yake si kwa matumizi ya biashara. ND maana yake usitoe kwa watu kazi iliyobadilishwa. Waweza kuigawa nzima kama ilivyo, lakini si kuikata na kuipachika. Herufi hizi huungana, na kila moja ni sharti lake. Ukiona BY peke yake, mlango u wazi sana. Ukiona ND popote, jua kuwa kazi hiyo haikufai kwa kuchanganyia. Iko pia alama ya CC0, ambayo mwenyewe ameacha haki zake zote kwa kadiri sheria inavyomruhusu.

Ruhusa pana kama hizi si jambo la kubuni. Mwezi wa Januari 2009, wakati wa vita vya Gaza, shirika la Al Jazeera lilifungua hazina ya picha zake za huko na kuzitoa kwa leseni ya CC BY 3.0. Kwa sharti la kutajwa tu, mtu yeyote duniani, hata shirika lililoshindana nalo, aliruhusiwa kuzikata na kuzirusha. Ruhusa hiyo ilifaa kwa sababu aliyeitoa ndiye aliyezipiga picha.

Katika kipande cha Arafa, basi, kosa la mwalimu halikuwa katika kuchukua. Lilikuwa katika kutotimiza masharti. Hakumtaja mpiga picha, wala hakuitoa video yake kwa leseni hiyo ya SA. Tulipomweleza alishangaa, kwa kuwa alidhani kazi ya bure haina masharti. Twasema: bure ni bei yake, na masharti ni mkataba wake. Asiyetimiza sharti husimama mahali pamoja na asiyekuwa na ruhusa.

Sasa tufike katika kipande cha tatu, cha tawafu, ambacho ndicho kilicholeta shitaka. Ajabu yake ni kwamba hiki ndicho walichokiamini kuliko vyote. Kilikuwa katika YouTube, na chini yake mna maneno yale yale ya kuruhusu tuliyoyataja. Vijana walipiga picha ya ukurasa na kuiweka kama ushahidi, nao walifanya vyema. Wamekosa wapi, basi?

Wasomaji wetu wajua namna maulamaa wa Hadithi walivyofanya kazi. Hawakutosheka na matini ya maneno. Waliuliza pia ni nani aliyeyapokea, na kwa nani, na je, alikutana naye? Alama ya leseni nayo ni kama matini. Yasema: kazi hii yaruhusiwa. Lakini ni nani asemaye? Ni yule aliyeiweka video hapo. YouTube haiwezi kumjua kila mtu kama kweli ndiye aliyepiga picha. Yeye huchagua leseni mwenyewe, na neno hilo hubaki kuwa dai lake. Akiwa amechukua video ya mwingine na kuiweka kama yake, alama yake haina uzito wowote. Kanuni ya mafakihi ni kwamba asiyemiliki kitu hawezi kumpa mwingine. Ukinunua kitu cha wizi kwa nia safi, nia yako yaweza kukuepusha na lawama ya mwizi, lakini kitu hakikuwa chako.

Tulikitazama kipande kile kwa makini, na baada ya dakika chache dalili ya kwanza ikatutokea, tena dalili ambayo mtoto wa chuo aweza kuiona. Mahujaji walikuwa wakizunguka na Kaaba iko mkono wao wa kulia! Kila Mwislamu ajua kuwa tawafu hufanywa Kaaba ikiwa upande wa kushoto. Tukatazama maandishi yaliyotariziwa katika Kiswa, tukaona nayo yamegeuka kama yaonekanavyo katika kioo. Wanaoweka video za wenzao hupenda kuzigeuza hivi, au kuzikuza kidogo, au kuziharakisha, ili mitambo inayolinganisha picha isizitambue. Mwenye mali hana haja ya kuigeuza mali yake.

Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba chuo kilikuwa kikiwafundisha watoto tawafu kwa picha ya tawafu iliyopinduliwa. Mwalimu aliposoma jibu letu aliandika kuwa hilo lilimuumiza kuliko onyo lenyewe.

Dalili ya pili ilikuwa katika chaneli. Tulipofungua video nyingine za mwenye kuiweka tulikuta vipande vya mpira, vya wanyama, vya upishi, na vya miji ya mbali, vyote kwa mitindo mbalimbali na ubora mbalimbali. Hakuna mtu mmoja apigaye yote hayo. Dalili ya tatu ilikuwa katika kona ya juu ya picha, palipokuwa na ukungu mdogo wa mraba usioondoka. Hapo ndipo alama ya mwenyewe ilipofutwa.

Kisha tukatafuta asili yake. Tulisimamisha video mahali palipo wazi, tukapiga picha ya kioo cha simu, tukaigeuza irudi upande wake wa haki, na kuitafuta kwa njia ile ya kutafuta kwa picha. Ikatokea video ndefu zaidi, safi zaidi, iliyowekwa miaka 3 kabla, katika chaneli ya kampuni ya wapiga picha, nayo haina maneno ya Creative Commons chini yake. Mambo matatu haya, tarehe ya mbele, urefu uliotimia na usafi wa picha, yakikutana mahali pamoja, aghalabu hapo ndipo kwa mwenyewe. Kazi yote hii ilituchukua kama robo ya saa.

Kipande cha nne ni kile cha kasida. Hii iliwekwa na msomaji wake mwenyewe, kwa leseni ya CC BY-NC-ND. Vijana walisoma NC wakasema: sisi ni chuo, hatufanyi biashara. Walakini NC haitazami mtu ni nani. Yatazama matumizi yenyewe, kama yamekusudiwa hasa faida ya biashara au malipo. Chuo kikiweka matangazo ya kulipwa katika video yake, au kikiuza nakala, jina la chuo halikiokoi.

Hata hivyo hapa hapakuwa na haja ya kuingia katika ubishi huo, maana ND ilikwisha funga mlango. Leseni za Creative Commons zimeandika wazi kuwa sauti ya wimbo, au ya usomaji wa namna hiyo, ikifungamanishwa na picha zinazokwenda, hiyo huhesabiwa siku zote kuwa ni kazi iliyobadilishwa, hata kama hukukata neno moja. Basi kasida yenye ND yaweza kuchezwa nzima darasani watoto wakasikiliza, lakini haiwezi kuwekwa chini ya video. Na hapa twaongeza jambo linalosahauliwa: kisomo cha Kurani nacho kina hukumu yake. Kurani ni maneno ya Mwenyezi Mungu, wala hakuna mwanadamu aimilikiye. Lakini sauti iliyorekodiwa ya msomaji ni kazi ya msomaji na ya aliyeirekodi, nayo hutafutiwa ruhusa kama kazi nyingine. Vivyo hivyo video yenye alama ya BY yaweza kuwa na sauti ndani yake isiyokuwa ya mpiga picha. Picha huulizwa peke yake, na sauti huulizwa peke yake.

Mwalimu atuuliza afanye nini sasa. Katika YouTube iko njia ya kupinga shitaka, lakini njia hiyo ni tamko la kisheria, la mtu anayeamini kwa kweli kwamba haki ni yake au kwamba shitaka limekosea. Yeye ajua sasa kuwa haki si yake, basi asiitumie. Njia iliyo bora ni kumwandikia mwenye picha, kumweleza yaliyotokea, na kumwomba aondoe shitaka. Jambo hilo lipo katika uwezo wa mwenye kushitaki. Akikubali, onyo huondoka. Akikataa, onyo huisha baada ya siku 90 ikiwa mwenye chaneli amemaliza somo fupi la haki miliki analopewa hapo hapo. Katika siku hizo chuo kisiweke kitu chochote kisichokuwa na hakika.

Video itengenezwe upya. Kipande cha Mina kiombewe idhini au kiachwe. Cha tawafu kitafutwe kingine chenye mwenyewe anayejulikana. Kasida iondolewe, sauti ya mwalimu yatosha, na kijana mwenye sauti njema katika darasa lile aweza kusoma yeye. Cha Arafa kibaki, lakini masharti yake yatimizwe katika maelezo ya video, kwa mfano huu:

"Picha za Arafa, dakika ya 4:10 hadi 4:32, zimetoka katika video (jina lake), kazi ya (jina la mpiga picha), Wikimedia Commons, (anwani ya ukurasa), leseni ya CC BY-SA 4.0 (anwani ya leseni). Zimekatwa na kuwekewa maelezo ya sauti. Video hii nzima nayo yatolewa kwa leseni ya CC BY-SA 4.0."

Mambo ya kutajwa ni hayo: jina la kazi, mwenyewe, mahali ilipotoka, leseni yake, na mabadiliko uliyoyafanya. Na kwa kuwa YouTube haina BY-SA katika leseni zake mbili, maneno hayo katika maelezo ndiyo yatakayoitangaza.

Mwisho twausia jambo moja ambalo vijana hawa walilijua nusu yake. Ruhusa ya Creative Commons haitanguki kwa yule aliyeichukua kazi ilipokuwa imeruhusiwa, hata mwenyewe akabadili alama baadaye. Lakini wewe ndiye utakayeulizwa uthibitisho. Basi siku unapochukua kipande, piga picha ya ukurasa ionyeshe anwani, jina la aliyekiweka na maneno ya leseni, na uandike tarehe. Kisha, kabla hujafunga ukurasa, andika na jibu la swali la pili: nimejuaje ya kuwa huyu ndiye mwenyewe? Ikiwa huna la kuandika hapo, kiache kipande hicho.

Mwalimu ametuahidi kutuletea video mpya itakapokamilika. Ametuambia pia ya kuwa baba wa mmoja wa wanafunzi atakwenda Hija mwakani, inshaallah, na vijana wamekwisha mwomba, ikiwa taratibu za huko zitamruhusu, awapigie picha za tawafu kwa simu yake na kuwaandikia ruhusa kwa mkono wake. Kipande hicho hakitahitaji uchunguzi, na Kaaba itakuwa upande wa kushoto.

Wabillahi tawfiq.